Till, Paybill, akaunti: ni nini hasa?

Slaidi 1: Till
Nambari moja ya biashara moja. Ukinunua nyanya kibandani, unaweka nambari ya Till, kiasi na PIN. Jina likitokea kabla ya kutuma, lisome. Kama ni la mwenye kibanda, umefika.

Slaidi 2: Paybill
Hii ni nambari ya biashara inayopokea pesa za wateja wengi wanaodaiwa kila mmoja bili yake. Kununua tokeni za stima, kwa mfano, Paybill ni 888880 kwa nchi nzima. Sasa Kenya Power watajuaje kwamba hizi mia tano ni zako? Ndipo panapokuja slaidi inayofuata.

Slaidi 3: Nambari ya akaunti
Ndiyo inayosema pesa ni za nani. Kwa tokeni, ni nambari ya mita yako. Shuleni mara nyingi ni nambari ya mwanafunzi.

Hapa ndipo wengi huteleza. Jina unaloliona kabla ya kutuma ni la biashara, si la mwenye akaunti. Tuseme unalipa Sh500, mita yako inaishia 76 nawe umeandika 67. Skrini itaonyesha jina sahihi la kampuni ya stima, utabonyeza sawa, na pesa zitaenda.

Baadhi ya biashara hukagua akaunti na kukataa isiyokuwepo. Lakini kama 67 ni mita halisi ya mtu mwingine, hakuna cha kukataa. Soma tarakimu za mwisho kwa sauti. Najua inachosha, stima ikiwa imezima zaidi!

Slaidi 4: Tokeni
Tarakimu 20 unazotumiwa kwa SMS baada ya kulipa. Zimetengenezwa kwa mita moja tu. Ukiziingiza kwenye yako na ikazikataa, usirudie rudie. Linganisha kwanza nambari ya mita iliyo kwenye SMS na ile iliyo kwenye mita yako. Zikitofautiana, umejua kosa liko wapi. Na kama mita hiyo ni ya jirani wa ploti, mpe tokeni akurudishie pesa zako. Mambo yaishe hapo.

Slaidi 5: Nambari ya muamala
Herufi na tarakimu zilizo mwanzoni mwa SMS yetu ya malipo. Usiifute SMS hiyo. Ukipiga simu kulalamika, ndiyo tutakayokuuliza kwanza. PIN hatutaiuliza kamwe.

Slaidi 6: Kurejesha muamala
Ni ombi la kurudishiwa pesa, wala si kitufe cha kufuta. Ukikosea nambari ya simu, tunajaribu kuzuia pesa kabla hazijatolewa. Kwa Paybill pesa tayari ziko kwa biashara, hivyo nao lazima wakubali. Tokeni ikishatoka, wao wataona umeuziwa stima. Kwa hivyo wapigie wao na sisi siku hiyo hiyo, ukiwa na nambari ya muamala na nambari zote mbili za mita: uliyoandika na uliyokusudia.