Kufasiri "Quanto Basta" katika Mapishi ya Kitaliano

Mwanachuo anayefasiri maelezo ya mapishi ya nyumbani kutoka Kitaliano hukutana upesi na herufi q.b., kifupi cha quanto basta, yaani "kiasi cha kutosha". Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini humwachia msomaji swali: kutosha kwa kazi gani? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba q.b. si kipimo kilichosahauliwa. Humwagiza mpishi atazame dalili fulani, na ni wajibu wa mfasiri kuitaja dalili hiyo ikiwa msomaji wake haijui.

Na tuchukue mfano wa nyoki, yaani vidonge vya viazi vichemshwavyo majini. Maelezo yanataka viazi kilo 1, unga wa ngano "etti 3", yai 1, chumvi q.b., na unga q.b. wa kunyunyiza ubaoni. Q.b. ya chumvi haina taabu, kwani hata sisi husema "chumvi kiasi". Ya pili ni tofauti. Yafaa tuandike: "nyunyiza unga ubaoni, kiasi cha kuzuia donge lisinate." Pasipo maneno hayo, msomaji aliyezoea chapati huenda akaendelea kuongeza unga na kukanda, na nyoki zitakuwa ngumu.

Sasa tutazame unga wa donge lenyewe. Etto 1 ni gramu 100. Basi etti 3 ni gramu 300. Msomaji asiye na mizani atahitaji vikombe, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Kikombe cha mililita 250 huchukua gramu 250 za maji, nao hudhani unga ni vivyo hivyo, wakaandika kikombe 1 na kidogo. Lakini kikombe hicho hicho, kikijazwa unga kwa kijiko bila kushindiliwa na kusawazishwa juu, huchukua gramu 130 hivi. Kwa hiyo gramu 300 ni vikombe 2 na robo. Afuataye hesabu ya maji atatia karibu nusu tu ya unga unaotakiwa, na nyoki zitamumunyuka sufuriani.

Hata hesabu sahihi ina mpaka wake, kwani viazi vyenye maji mengi hutaka unga zaidi. Ndiyo maana baadhi ya wapishi huandika q.b. hata kwa unga wa donge. Hapo mfasiri aongeze jaribio: "Chemsha kidonge kimoja. Kikielea kikiwa kizima, donge ni tayari. Kikimeguka, ongeza kijiko cha unga, ujaribu tena."

Zoezi: wape wanafunzi maelezo yenye q.b. tatu. Kwa kila moja waandike kazi yake na dalili ya kukoma. Dalili ijulikanayo na msomaji ibaki "kiasi", isiyojulikana itajwe. Gramu zisifutwe, bali vikombe viandikwe kando yake.