Baklawa Isigeuke Uji: Kulinda Manda na Kumimina Shira

Somo letu safari hii ni la jikoni, na limetokana na hasara. Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea huku milimani Kisii kilipata oda ya masinia matatu ya baklawa kwa ajili ya harusi. Walioka Alhamisi, wakafunika vizuri wasiingie nzi, wakapeleka Jumamosi. Kufungua tu, juu palikuwa pamelegea kama chapati ya jana, na chini manda zilikuwa zimeshikana na kuwa kitu kimoja kizito kinachodondosha maji ya sukari. Mama mmoja mzee akaonja, akasema polepole, "Dada, hii sasa ni uji." Pesa ya oda ilirudishwa. Sukari na samli zilikuwa zimenunuliwa kwa pesa ya chama.

Tuliporudi tukakaa chini tukajiuliza: maji yale yalitoka wapi? Jibu la swali hilo ndilo somo lenyewe. Baklawa ni kazi ya kutawala maji. Mwanzoni unayazuia yasitoke katika manda, na mwishoni unayazuia yasiingie kupita kiasi.

BAKLAWA NI NINI?

Ni manda nyembamba sana za unga wa ngano, zilizopangwa moja juu ya nyingine, katikati zimewekwa njugu zilizopondwa. Huokwa na samli, kisha humiminiwa shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji hadi ikawa nzito. Asili yake ni nchi za Waturuki na Waarabu. Mji wa Gaziantep nchini Uturuki unajivunia baklawa yake hata Umoja wa Ulaya uliipa jina hilo ulinzi wa kisheria mwaka 2013. Kwetu Kenya wanaoijua zaidi ni watu wa pwani.

Manda zilizogandishwa huuzwa katika supamaketi kubwa za mijini, lakini kwa kikundi cha kijijini bei yake ni ya juu. Tafadhali usichukue manda za sambusa badala yake. Hizo ni nene, na zimeshapitishwa juu ya kikaango cha moto, kwa hiyo zinakuwa ngumu. Anayejua kusukuma chapati anaweza kutengeneza manda zake mwenyewe.

MAHITAJI YA SINIA MOJA LA SENTIMITA 30

Unga wa ngano gramu 500, na maji kama mililita 250. Mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 2, siki kijiko kikubwa 1, chumvi kidogo. Konflawa gramu 200 ya kunyunyizia. Njugu karanga gramu 400. Samli gramu 250. Kwa shira: sukari gramu 500, maji mililita 300, na maji ya limau kijiko kikubwa 1.

Njugu karanga zichambue kwanza, moja moja. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, usimpe hata kuku. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kukaanga. Tunakumbuka mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 upande wa mashariki ya Kenya. Zilizobaki zikaange, toa maganda, uziponde ziwe chengachenga. Zikisagwa kuwa unga hunyonya shira na kuwa matope katikati ya manda. Aliye na makadamia shambani anaweza kuzitumia kwa njia hiyo hiyo.

Samli ni bora kuliko siagi au majarini, na sababu ni ile ile ya maji. Siagi ina maji ndani yake, karibu sehemu moja katika sita, na maji hayo hulainisha manda kabla hata hujafika kwenye shira. Kama una siagi tu, ichemshe kwa moto mdogo mpaka iache kutoa povu na kulia, halafu ichuje kwa kitambaa. Hapo umepata samli.

KUZUIA MANDA ZISIKAUKE

Changanya unga, chumvi, mafuta, siki na maji. Kanda dakika kumi hadi donge liwe laini na lisishike mkononi. Lifunike, lipumzike nusu saa. Halafu ligawe madonge madogo 24 yaliyo sawa, uyafunike tena dakika 20. Usiyaharakishe: donge lisilopumzika hurudi nyuma kila ukilisukuma, na wewe unapolilazimisha linapasuka.

Sasa adui ni hewa. Manda nyembamba haina akiba ya maji, na upepo wa mlangoni unatosha kuikausha kwa dakika chache. Utajua kwa kuangalia ukingo: unageuka mweupe, na ukiukunja unakatika badala ya kujikunja. Ikifikia hapo haiponi, na kuipaka maji ni kuifanya gundi.

Dawa ni vitambaa viwili. Cha kwanza kikavu, kinalala juu ya madonge. Cha pili kimeloweshwa na kukamuliwa kabisa, kinalala juu ya kile kikavu. Kina mama wengi huweka kitambaa chenye maji moja kwa moja juu ya manda, kisha wanashangaa kwa nini zimegandamana. Kitambaa chenye maji kisiguse manda hata kidogo. Na funga mlango, jiko liwe mbali kidogo na meza.

Njia inayotusaidia sana ni kutosukuma manda moja moja hadi mwisho. Sukuma kila donge liwe la ukubwa wa kisahani cha chai. Nyunyiza konflawa ya kutosha juu yake, weka la pili, nyunyiza tena, mpaka visahani 8 vipandane. Usisahau ukingoni, maana huko ndiko vinakoshikana. Kisha usukume rundo lote pamoja kwa kifimbo cha chapati, ukiligeuza, hadi lienee sinia. Kwa njia hii manda saba zimefunikwa na wenzao, na ni moja tu ya juu inayoguswa na hewa.

Rundo la kwanza liweke katika sinia lililopakwa samli, tandaza nusu ya njugu, weka rundo la pili, njugu zilizobaki, na la tatu juu. Kata vipande sasa hivi, kabla ya kuoka, kisu kifike chini kabisa. Mikato hiyo ndiyo njia ya mvuke kutoka na ya shira kuingia. Mwisho yeyusha samli na kuimimina polepole juu ya mikato yote, ungoje dakika kumi ishuke.

KUOKA MPAKA CHINI

Oka kwa digrii 170, kama dakika 50 hadi 60. Anayetumia makaa aweke machache chini na zaidi kidogo juu ya kifuniko, na alizungushe sinia mara mbili tatu. Rangi ya juu inadanganya. Inua kipande cha katikati kwa ncha ya kisu: chini yake pawe pakavu na pa rangi ya hudhurungi, na ukikigonga kitoe sauti kavu. Kama chini pangali peupe, endelea. Manda mbichi ikikutana na shira inakuwa uji, hakuna ujanja mwingine.

SHIRA

Pika shira mapema, baklawa ingali jikoni. Chemsha sukari na maji. Sukari ikiyeyuka yote, acha kukoroga, tia limau, uendelee kwa moto mdogo kama dakika 10. Limau huzuia sukari isirudi kuwa chenga. Dondosha tone juu ya sahani baridi, likipoa libane kwa vidole viwili na uvitenganishe. Likivuta uzi mfupi unaokatika, tosha. Likiteleza kama maji, bado.

Wenye kipimajoto wawe waangalifu. Vitabu vingi hutaja digrii 105, na hesabu hiyo ni ya mtu aliye usawa wa bahari. Kisii mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na maji huchemka karibu digrii 94, siyo 100. Nyamira ni juu zaidi. Kwa hiyo punguza digrii 6 hivi, ukomee 99 au chini kidogo. Ukingoja 105 huku kwetu, shira itakuwa nzito mno na kesho yake itaganda kama peremende.

JARIBIO LETU

Tulioka visinia vitatu vidogo siku moja, vyote kutoka donge moja. Cha kwanza kilipotoka motoni tulikimiminia shira iliyopoa, tukakiacha wazi. Cha pili tulikimiminia shira inayochemka. Cha tatu tulikifanyia kama cha kwanza, ila tulikifunika kwa mfuniko kingali moto, kama walivyofanya wale akina mama siku ile.

Asubuhi cha kwanza kilikuwa kinalia chini ya kisu. Cha pili kilikuwa kimelainika tabaka zote: shira ya moto ni nyepesi, inapenya kila mahali mara moja, na mvuke hauna pa kwenda. Na cha tatu? Ndani ya mfuniko kulijaa matone, juu palikuwa pamelegea. Kumbe shira haikuwa na kosa! Wale akina mama walikuwa wamechemshia baklawa yao chini ya mfuniko wenyewe. Tulipowauliza zaidi, wakakiri kwamba hata shira ya harusi waliitoa mapema kwa kuokoa makaa.

Basi kanuni ni hii: kimoja kiwe moto na kingine kimepoa. Baklawa ikitoka jikoni ngoja dakika 5, mimina shira iliyopoa polepole juu ya mikato. Utaisikia ikilia chwaaa. Usipoisikia, umechelewa. Vyote viwili vikiwa baridi, shira hukaa juu kama ziwa na haishuki. Kisha acha wazi mpaka ipoe kabisa, saa 6 hadi 8, ukizuia nzi kwa kitambaa chepesi kilichoinuliwa kisiguse.

Hata ikifanywa vizuri ina mipaka yake. Hewa ya huku ina unyevu, na mvua zetu hupenda kuja alasiri, kwa hiyo oka asubuhi. Ihifadhi katika katoni lenye karatasi safi, siyo ndoo ya plastiki. Oda ya Jumamosi ioke Ijumaa. Baada ya siku nne tano bado italika, lakini ule mlio umekwisha, na mteja analipia ule mlio.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika jikoni lenu upepo unaingilia wapi, na meza ya manda ikae wapi?
2. Baklawa imelainika juu tu, chini ni kavu. Kosa liko wapi? Na kama ni chini tu iliyolainika?
3. Nani katika kikundi atapewa kazi ya kupima uzi wa shira, na sinia lisitoke mpaka aseme ndiyo?