Vioo Vilivyogeuzwa Birika

Somo la wiki
Maandiko: Kutoka 38:8, Kutoka 30:17–21, Warumi 6:13

Kuna mstari katika kitabu cha Kutoka ambao wengi wetu huupita mbio tukielekea kwingine. Hapo Bezaleli anatengeneza birika la shaba la hema ya kukutania, na Biblia inatuambia shaba hiyo ilitoka wapi: ilitokana na vioo vya wanawake waliokuwa wakihudumu mlangoni pa hema.

Siku zile kioo hakikuwa cha glasi kama chetu. Kilikuwa bamba la shaba lililosuguliwa mpaka likang'aa. Sasa shaba ile ile iliyokuwa ikionyesha uso ikawa chombo cha maji. Na makuhani walinawa nini pale? Rudi sura ya 30: mikono na miguu, kabla ya kuingia kuhudumu. Mikono ya kufanya kazi na miguu ya kwenda.

Biblia haisemi kioo ni dhambi, na mimi sisemi hivyo. Lakini mfano huu unatufaa, kwa sababu wako wapendwa kati yetu wanaopigwa na kioo kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai.

Dada mmoja wa kwaya ameniruhusu nisimulie yake bila kumtaja jina. Baada ya mtoto wa tatu aliacha kuja mazoezini. Tulidhani ni kazi nyingi, kumbe ni sare mpya. Alimweleza mke wangu kwamba kila akijitazama anajiambia, "Ona hili tumbo. Ona mikono kama magunia. Utasimamaje mbele za watu?" Mke wangu akamuuliza, "Mwanangu, maneno hayo ungemwambia dada mwingine wa kwaya?" Akanyamaza, machozi yakamtoka.

Hebu tuelewe kioo kinavyotudanganya. Mtu anayejichukia hajitazami mzima. Jicho hukimbilia pale asipopapenda, husogea karibu, na kubaki hapo. Kadiri anavyokazia macho sehemu moja, ndivyo inavyozidi kuwa kubwa akilini, hata kama haijaongezeka hata kidogo. Halafu akimtazama mwenzake, anaangalia kile kizuri zaidi alicho nacho. Analinganisha pabaya pake na pazuri pa jirani. Mizani hiyo si ya haki.

Sisi tukimhurumia tunakimbilia kumwambia, "Aa, wewe ni mrembo sana!" Ni neno jema, lakini mara nyingi halikai. Kwa nini? Kwa sababu bado tunajibu swali lile lile la kioo: unaonekanaje? Kesho kioo kitauliza tena. Afadhali kubadilisha swali lenyewe: mwili huu unafanya nini? Paulo anapozungumzia viungo vyetu katika Warumi 6:13, hataji sura yake hata kidogo. Anauliza vimetolewa kwa nani, na kwa kazi gani.

Jambo hili limejaribiwa pia na wataalamu. Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walichapisha matokeo ya wanawake vijana wasioridhika na miili yao. Waliandika mara tatu katika wiki moja, kama dakika 15 kila mara, kuhusu yale miili yao inawezesha na kwa nini yana maana kwao. Walimaliza wakiithamini miili yao zaidi, hata upande wa sura ambao hawakuuandikia.

Dada yetu alifanya hivyo kwa daftari la mtoto na kalamu. Sisi tuliyapanga hivi:

Siku ya kwanza: mwendo na hisi, yaani kutembea, kubeba, kuona, kusikia, kuonja.
Siku ya pili: afya na ubunifu, yaani kupona kidonda, kupumua, kupika, kushona, kuimba.
Siku ya tatu: kujitunza na kuwa na watu, yaani kuoga, kulala, kukumbatia, kucheka, kumshika mkono mfiwa.

Kanuni ni moja: andika kitu mahususi, kisha uongeze kwa nini kina maana kwako. "Mikono yangu hufanya kazi" haitoshi. Yeye aliandika: "Mikono hii ilimbeba mtoto usiku kucha alipokuwa na homa. Haikumwachilia mpaka kulipopambazuka. Ndiyo maana akiumwa ananitafuta mimi." Hiyo ni mikono ile ile aliyoiita magunia.

Yako makosa ya kuangalia. La kwanza ni kurudi kwenye sura bila kujua: "Miguu yangu inatembea, ila ni minene." Ukijikuta hapo, futa kuanzia "ila". La pili ni kugeuza nguvu kuwa shindano jipya: fulani anakimbia, mimi nahema. Somo hili si la wenye nguvu pekee. Mzee aliyepigwa na kiharusi, au ndugu anayetumia kiti cha magurudumu, anaandika anachoweza leo, si alichoweza zamani. Sikio linalomsikiliza mjukuu ni kazi ya mwili. Na siku ambayo mwili unauma kila mahali, una ruhusa ya kuomboleza mbele za Mungu bila kujilazimisha kuandika.

Na mbele ya kioo chenyewe? Simama umbali wa mkono mmoja, sio pua kwa pua. Fanya ulichokuja kufanya: nguo imekaa, uso ni safi, basi ondoka. Neno kali likija usibishane nalo dakika kumi. Sema, "Hilo ni neno la kioo," kisha taja jambo moja ambalo mwili umefanya leo. Litarudi kesho, nawe utafanya vivyo hivyo.

Ndugu wanaume, msidhani ni ya akina mama tu. Kijana anayeona haya kuvua shati kwa sababu ya wembamba, na baba anayefichwa na koti kwa ajili ya kitambi, wanapigwa na kioo kile kile.

Sasa niseme jambo zito. Kuna wanaofunga na kuomba, lakini moyoni wanafunga ili wapungue. Utajijuaje? Unaogopa kufungua mfungo, unakimbilia mizani kabla ya Biblia, na mfungo ukiisha unatafuta sababu ya kuuongeza. Huo si mfungo, na unaweza kukudhuru. Vivyo hivyo ukijitapisha baada ya kula, ukila mpaka unajificha, au ukipaka krimu za kujichubua. Baadhi yake zina zebaki, nayo huharibu figo. Hapo daftari peke yake halitoshi. Mwone daktari au mshauri nasaha, nasi tutaomba pamoja nawe. Kwenda hospitali si kukosa imani.

Dada yetu amerudi kwaya. Tumbo halijabadilika, na asubuhi nyingine maneno yale bado huja. Sare aliipeleka kwa fundi ikaongezwa kiunoni. Ni kitambaa ndicho kilichofuata mwili, si mwili kufuata kitambaa. Jumapili iliyopita alisimama safu ya mbele, akaimba.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni sehemu gani ya mwili wako unayoisema vibaya, na imefanya nini wiki hii?
2. Tunapokutana tunasalimiana kwa "umenenepa" au "umekonda sana". Tuseme nini badala yake?

Ombi
Baba, nakupa kioo changu. Kifanye birika. Hii hapa mikono yangu na miguu yangu, itumie leo. Katika jina la Yesu, amina.