Frigo inalia «tak» na kuzimika: sababu ni nini?

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba, sikiliza frigo yako mangaribi. Inanguruma sekunde chache, inalia «tak», inanyamaza. Kisha dakika chache inaanza tena: mungurumo, «tak», kimya. Ukifungua mulango, taa inawaka, na wewe unazani frigo inatumika. Hapana. Taa ina njia yake ya kuranti. Nyama na samaki ndani zinapata moto pole pole, na watoto wataumwa tumbo.

Vyombo viwili vidogo

Nyuma ya frigo, chini, kuna chungu cheusi cha chuma: ni kompreseri. Ndani mwake kuna moteri yenye bobini mbili. Bobini moja inafanya kazi wakati wote. Ya pili inasaidia kuanza tu, kama watu wanaosukuma motokari: ikiisha kuwaka, wanaiachilia.

Rele ndiyo inayopatia bobini ya pili kuranti, kisha inaikata. Katika frigo nyingi za sasa, rele ni kidonge cha udongo maalum. Kikiwa baridi, kinapitisha kuranti. Kuranti inakipasha moto mara moja, na kikiwa na moto sana kinaizuia. Lazima kipoe dakika chache mbele ya kuanzisha moteri tena.

Chombo cha pili mafundi wanakiita klikson. Ni mulinzi. Ndani yake kuna kibati cha vyuma viwili vilivyoshikamana, na kila chuma kinapanuka kwa kipimo chake. Moteri ikishindwa kuzunguka, inakamata kuranti nyingi kuliko kawaida. Kibati kinapata moto, kinajipinda na kukata njia: ndiyo ile «tak». Kikipoa, kinarudi pahali pake, na moteri inajaribu tena. Basi, klikson inayolia mara nyingi haijaharibika. Kwa kawaida inatuambia kwamba moteri imekataa kuanza.

Mufano wa nyumba moja

Tuseme fundi anapima prizi kwa multimetri. Asubui anapata volti 210, na frigo inaanza vizuri. Saa kumi na mbili ya mangaribi, resho zote za jirani zinawaka: anapata 185. Moteri inapojaribu kuanza, zinashuka mpaka 165. Nguvu ya moteri ya kuanza haishuki sawa na volti, inashuka zaidi. Gawanya 165 kwa 220: unapata 0,75. Zidisha 0,75 kwa 0,75: inabaki karibu 0,56. Maana yake, moteri imebakia na nguvu kupita nusu kidogo tu. Haiwezi kusukuma, na klikson inakata.

Hapa kununua rele mupya ni kutupa feza. Kwanza ondoa waya mwembamba wa kurefusha na prizi ya kugawa, tia frigo katika prizi ya ukuta, kisha upime tena. Kama volti zinabaki chini, ichomoe saa za kupika, au tafuta regilateri yenye nguvu ya kutosha.

Kama volti ni nzuri

Kuranti ikikatika na kurudi mara moja, gazi ndani ya kompreseri ingali inasukuma upande mumoja, na kidonge kingali na moto. Moteri haianzi. Chomoa frigo, ungoja dakika tano mpaka kumi, kisha uirudishe.

Ikiendelea, fundi achomoe frigo, atoe rele na kuitikisa karibu na sikio. Ikilia kama mbegu kavu, kidonge kimevunjika: rele ibadilishwe kwa ingine ya namna ile ile. Kisha apime miguu mitatu ya kompreseri. Kipimo kikubwa lazima kiwe sawa na vile viwili vidogo vikijumlishwa: kwa mufano om 12 na om 20 zinatoa 32. Hesabu ikiharibika, bobini imeungua. Hesabu ikiwa nzuri, volti nzuri, rele mupya, na «tak» inabaki: mara nyingi kompreseri imekwama ndani. Rele haitaiponyesha.

Jambo la hatari

Kuna watu wanaofunga klikson kwa waya ili «tak» ishe. Mulio unaisha kweli, lakini moteri iliyokwama inaendelea kukamata kuranti kubwa mpaka bobini inaungua, na nyumba inaweza kuwaka. Tena frigo nyingi za leo zina gazi ya R600a, inayoshika moto. Usiruhusu.

Na chakula? Nyama, samaki, maziwa na sombe iliyopikwa vikikaa bila baridi zaidi ya saa mbili, usivirudishe kwa kesho. Siku za joto kali, saa moja inatosha kuviharibu. Usingoje harufu mbaya: vidudu vingine vinaleta ugonjwa bila harufu. Mwenye dawa ya insulini ndani ya frigo aipeleke leo kwa jirani mwenye frigo nzuri.