Raba ya Mtumba: Namna ya Kuikagua Kabla ya Kutoa Pesa

Uliza Karume pale Ilala, uliza Gikomba Nairobi, uliza Owino Kampala, kama raba iliyo mezani ni orijino. Jibu utakalopewa karibu kila mahali ni hili: "Hii ni mtumba, dada. Mtumba hauna feki." Wanunuzi wengi wanaliamini kwa moyo mmoja. Wanajua feki kama kitu kipya kinachouzwa dukani ndani ya boksi linalong'aa, na kiatu kilichokwisha kuvaliwa Ulaya wanakiona kama kilichopimwa tayari na mtu mwingine.

Imani hiyo ndiyo inayowapotezea watu pesa. Raba bandia zinauzwa Ulaya na Marekani pia. Ripoti ya OECD na ofisi ya miliki ubunifu ya Umoja wa Ulaya, iliyotolewa mwaka 2019, iliviweka viatu juu ya orodha ya bidhaa bandia zinazokamatwa na forodha duniani. Mwenye raba bandia kule huivaa, huichoka, kisha huitupia kwenye pipa la misaada kama afanyavyo mwenye orijino. Wanaochambua nguo na viatu kwenye maghala huangalia uchakavu: hiki kizima, hiki kimepasuka. Uhalisi si kazi yao. Kwa hiyo vumbi na mikunjo vinakuambia kwamba kiatu kimevaliwa, basi.

Kijitabu hiki kinafuata kiatu kimoja tu, Air Force 1 nyeupe ya Nike, kwa sababu imejaa masokoni na huigizwa sana. Utakachojifunza juu ya lebo kinafaa kwa viatu vingine vya Nike. Kampuni nyingine zina lebo za mpangilio wao.

Lebo iliyo ndani ya ulimi

Vuta ulimi wa kiatu mbele na uangalie upande wake wa ndani. Kuna lebo ndogo yenye saizi, nchi kilikotengenezwa, namba ya modeli, na mara nyingi tarehe mbili za uzalishaji. Ipige picha kwa simu halafu uikuze. Usiridhike kuisoma kwa macho pale gizani chini ya turubai.

Anza na saizi. Zimeandikwa kwa mifumo minne, na mifumo hiyo lazima ikubaliane. Kwa viatu vya wanaume vya Nike, US 9 ni UK 8, ni EUR 42.5, na ni CM 27. US 10 ni UK 9, EUR 44, CM 28. Ukikuta lebo inasema EUR 42.5 halafu CM 28, aliyeichapa hakujua anachochapa.

Kisha soma namba ya modeli. Ina alama sita, kistari, halafu tarakimu tatu. Zile sita zinataja kiatu, zile tatu zinataja rangi. Air Force 1 nyeupe tupu ya wanaume ilikuwa 315122-111 kwa miaka mingi, baadaye ikawa CW2288-111. Iandike namba hiyo kwenye Google kama ilivyo. Picha zitakazotokea ziwe za kiatu ulichoshika, rangi kwa rangi. Waigizaji hupenda kuchapa lebo moja na kuishona kwenye viatu vya kila aina, ndiyo maana wakati mwingine unaandika namba ya raba nyeupe ikakuletea kiatu cheusi cha kukimbilia.

Tarehe husomwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. Namba zinazoanza na herufi mbili, kama hiyo ya CW, zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 2010. Lebo yenye CW2288-111 na tarehe ya 09/14/13 haiwezekani, hata kiatu kiwe kizuri namna gani.

Hapa kuna jambo la kushika kwa makini kuliko yote ya sehemu hii. Lebo yenye kosa inatosha kukufanya ukirudishe kiatu mezani. Lebo iliyo sahihi haitoshi kukufanya ukinunue, kwa sababu mwigizaji hodari huinakili lebo ya kiatu halisi herufi kwa herufi. Hali ni hiyohiyo kwa maneno "Made in Vietnam", ambayo wauzaji huyaonyesha kwa kidole kama ushahidi. Ni kweli Nike hutengenezewa viatu vingi Vietnam, na vilevile Indonesia na China. Lakini maneno hayo yanachapwa na yeyote mwenye mashine.

Linganisha pia lebo ya mguu wa kushoto na ya kulia. Raba za mtumba hufungwa pamoja kwa kamba, na kamba hukatika. Ukiona tarehe au nchi tofauti, pengine miguu yote miwili ni halisi ila si ndugu. Mmoja utakuwa umechakaa kuliko mwenzake, na unyeupe wake hautalingana.

Mishono, na mkono wa fundi

Soli ya Air Force 1 imeshonwa, haikugandishwa kwa gundi peke yake. Pembeni mwa soli, karibu na inapokutana na ngozi, kuna mfereji mwembamba unaozunguka kiatu, na ndani yake umepita uzi. Pitisha ukucha humo. Kwenye kiatu halisi ukucha utagonga kila mshono. Kwenye nakala za bei ya chini mfereji upo, lakini "mishono" ni vinundu vya mpira vilivyotoka na soli yenyewe kwenye kalibu. Ukiruhusiwa, inua soli ya ndani utafute uzi huo ulikotokea.

Baada ya hapo angalia mishono ya juu, hasa inayozunguka sehemu ya vidole na ile iliyoshika kisigino. Chagua kipande cha urefu wa kidole gumba, hesabu mishono, kisha hesabu mahali hapohapo kwenye mguu wa pili. Mashine ya kiwandani huacha nafasi zilezile. Tofauti ya mshono mmoja isikusumbue, na uzi mmoja uliochomoza hata kiwanda halisi huuacha. Cha kuogopwa ni mstari unaoyumba, matundu ya sindano yasiyo na uzi, au mishono inayopanda juu ya ukingo wa ngozi.

Sasa masoko yetu yana jambo ambalo maelezo ya wageni hayalijui. Raba nyingi za mtumba hupitia kwa fundi kabla hazijafika mezani. Soli iliyoachia hushonwa kwa mkono na ngozi hupakwa rangi nyeupe. Uzi wa fundi ni mnene, mishono yake ni mirefu, na hutoboa njia yake nje ya mfereji wa kiwanda au juu yake. Mtu aliyejifunza kwa video za Ulaya ataona mishono hiyo na kusema feki, kumbe anakataa kiatu halisi kilichopita kwa fundi. Rangi nayo huficha: ikiwa nzito hujaza matundu ya mishono na mistari ya mikunjo. Kunja kiatu sehemu ya vidole. Rangi ya kupaka hupasuka vipande vidogovidogo, ngozi iliyo tupu hukunjamana tu.

Jozi moja, mwanzo mpaka mwisho

Tuchukue mfano. Uko Karume, jozi ni nyeupe, muuzaji anataka 70,000. Lebo zote mbili zinasema US 9, UK 8, EUR 42.5, CM 27, CW2288-111, tarehe za katikati ya 2021. Google inaleta Air Force 1 nyeupe. Mpaka hapa hujapata sababu ya kuikataa, na hujapata ya kuinunua.

Unapitisha ukucha kwenye mfereji wa mguu wa kulia, mishono inagonga kote. Mguu wa kushoto unagonga mpaka karibu na kidole kidogo, kisha unakutana na mishono mirefu ya uzi wa nailoni, urefu wa vidole vinne hivi. Unahesabu mishono ya juu kwenye sehemu ya vidole, miguu inalingana. Soli ya chini imelika upande wa nje wa kisigino kwenye miguu yote, na maandishi ya soli ya ndani yamefutika palepale kisigino kinapokaa. Uchakavu wa ndani na wa nje unasimulia mvaaji mmoja.

Uamuzi wetu kwa jozi kama hiyo: dalili nyingi ni za kiatu halisi, na soli ya kushoto imeshonwa na fundi. Inafaa kununuliwa kwa bei ya kiatu kilichopita kwa fundi. Sema hivyo kwa muuzaji, mwonyeshe mshono, mshushe bei.

Historia ya muuzaji

Meza yenyewe inazungumza. Belo la mtumba ni mchanganyiko: modeli hii na ile, saizi hii na ile, kingine kimechakaa sana, kingine kidogo. Ukikuta raba za aina moja, rangi moja, kuanzia saizi 40 mpaka 45, zote zimechakaa kwa kiasi kilekile, hazikutoka kwenye belo hata kama zina vumbi. Dalili hii ni nzito kuliko mshono wowote, na unaiona kabla hujashika kiatu.

Muulize muuzaji kama hufungua belo mwenyewe au huokota kwa wenzake. Muulize yuko mezani pale siku zipi, na kiatu kikileta shida atakibadilisha au la. Waulize majirani zake pia.

Kwa anayeuza kupitia Instagram, fungua "Kuhusu akaunti hii". Utaona ilianzishwa lini, na jina limebadilishwa mara ngapi. Akaunti yenye wafuasi wengi ambayo jina lake limebadilika mara kwa mara huenda ilikusanya wafuasi hao kwa biashara nyingine kabisa. Pitisha picha zake kwenye Google Lens. Zikitokea kwenye kurasa za watu wengine, kiatu hicho hana. Hata zisipotokea, omba picha mpya ya lebo zote mbili pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo. Mwenye kiatu ataipiga kwa dakika mbili. Asiye nacho atakuambia kuna wateja wengine wanasubiri. Unapolipa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha.

Zipo huduma za kulipia zinazokagua kwa picha, kama CheckCheck. Zinasaidia kwa kiatu cha bei kubwa, lakini hata anayekishika mkononi hukosea. Mwaka 2022 Nike iliiambia mahakama ya New York kwamba ilinunua kwa StockX, soko lililokuwa likikagua kila jozi kabla ya kuituma, jozi nne zilizokuwa bandia.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji

Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008, na Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Zote zinamgusa mfanyabiashara, si kiwanda peke yake. Kwa hiyo weka risiti ya belo au namba ya aliyekuuzia, na picha za lebo za kila jozi ya bei kubwa. Kwenye tangazo andika ulichokiona: "imeshonwa soli ya kushoto", "imepakwa rangi", "lebo imefutika". Kama hukuweza kuikagua jozi, usiandike orijino.

Na ukiwa mnunuzi uliyeuziwa feki, malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC) kwa Tanzania, na Anti-Counterfeit Authority kwa Kenya. Nenda na kiatu chenyewe, picha za lebo, mazungumzo yenu kabla hayajafutwa, na ujumbe wa malipo wenye jina la aliyepokea.