HESABU MANENO YANAYOTAMKWA
Mwongozo wa kuandika skripti ya sauti kwa video za ubao mweupe kuhusu akiba

Kwa nini tumetoa kijitabu hiki

Malalamiko yanayotufikia kutoka vikundi vya akiba yanafanana. Wanachama wameonyeshwa video ya dakika moja na nusu: mkono unachora mbiombio kwenye ubao mweupe, na sauti ya msimulizi inakimbizana nao. Wakiulizwa wamesikia nini, wanakumbuka kopo, noti na ile jumla nono ya mwisho wa mwaka. Onyo la kutomkabidhi mtu pesa bila kuandikiwa hawalikumbuki, na wapo wanaoapa kuwa halikuwemo.

Tumezikagua video hizo. Onyo lilikuwemo, ila lilisomwa kwa pumzi moja. Mwandishi aliandika maneno mengi kuliko muda uliokuwepo, msomaji akaongeza mwendo, kisha fundi wa video akaibana sauti ili iingie. Mtazamaji wa video ya namna hiyo anatoka na hamu ya kuweka akiba, lakini hajui kuilinda. Ni afadhali asingeonyeshwa chochote.

Kwa hiyo, kuanzia sasa hatutapokea skripti ambayo maneno yake hayajahesabiwa kwa utaratibu ulioelezwa humu. Mwongozo unahusu vikundi, taasisi na watengenezaji wanaotaka video zao zionyeshwe kwenye mikutano ya elimu tunayoisimamia. Kikundi kiwe kimesajiliwa kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka. Masharti mengine yamo kwenye fomu ya maombi.

Kasi: maneno 110 kwa dakika, na 90 kwenye onyo

Waandishi wengi wanatumia kipimo cha maneno 150 kwa dakika walichokikuta kwenye miongozo ya Kiingereza. Kipimo hicho hakitufai. Neno moja la Kiswahili linaweza kubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani yake, kwa hiyo huwa refu. Mtu anayesoma maneno 150 ya Kiswahili kwa dakika anatamka silabi nyingi mno kuliko anayesoma maneno 150 ya Kiingereza.

Kwa video ya ubao mweupe, ambapo jicho linafuata mkono huku sikio likifuata sauti, andika kwa kasi ya maneno 110 kwa dakika. Kwenye onyo shuka hadi 90. Makatazo yetu ndiyo yenye maneno marefu kuliko yote: "usimkabidhi", "usiondoke", "isipoandikwa". Katika mfano utakaouona mbele, sehemu ya hesabu ina maneno 20 yenye silabi 52. Onyo lina maneno 24 yenye silabi 76. Onyo hilo likisomwa kwa maneno 90 kwa dakika, msikilizaji anapata silabi zisizofika 5 kwa sekunde, na anazifuata bila taabu. Likisomwa kwa 150, zinakaribia 8 kwa sekunde. Hapo hata aliyeliandika atapitwa.

Hatari kubwa: tarakimu

Hapa ndipo skripti nyingi zinapoharibikia, nasi tunataka kila mwandishi apasome mara mbili.

Programu ya kuandikia inahesabu kilichoandikwa. Haijui kitakachotamkwa. Chukua sentensi hii:

"Wiki 52 zikipita, akiba yake imefika Sh 312,000."

Programu itakwambia ni maneno 8. Sasa isome kwa sauti: "Wiki hamsini na mbili zikipita, akiba yake imefika shilingi laki tatu na elfu kumi na mbili." Hayo ni maneno 16. Ulidhani sentensi itachukua sekunde 4 na kidogo, kumbe inataka karibu 9. Video ya akiba imejaa viwango, wiki, hisa na jumla. Sentensi nne za namna hii zinatosha kukuzidishia sekunde 17 ambazo hukuzipangia, na sekunde hizo zitaibwa mahali fulani. Kwa tulivyoona, huibwa kwenye onyo.

Kanuni ni moja, nayo haina msamaha: katika skripti ya sauti hakuna tarakimu. Kila kiasi kiandikwe kwa maneno, vile vile msomaji atakavyokitamka, ndipo uhesabu. Asilimia iandikwe "asilimia". Shilingi iandikwe "shilingi". Tarakimu zina mahali pake kwenye ubao, ambapo mkono utaziandika na mtazamaji atazisoma.

Tunarudia: andika kwa maneno kwanza, hesabu baadaye.

Toa ukimya kabla ya kugawa maneno

Kosa la pili ni kuzidisha kasi kwa urefu wote wa video. Video ya sekunde 90 si sekunde 90 za kusema. Mkono unahitaji muda wa kuanza mchoro mpya, na mtazamaji anahitaji muda wa kuutambua kabla hajaambiwa jambo jingine.

Tuchukue video ya sekunde 90 yenye sehemu tano. Kichwa cha video kinachukua sekunde 4. Kati ya sehemu na sehemu kuna nafasi nne, na kila moja tunaipa sekunde 3 za mkono kuchora bila sauti, jumla 12. Baada ya onyo picha inabaki kimya kwa sekunde 6. Mwisho, jina la kikundi na namba ya kuulizia vinakaa sekunde 8. Jumla ya ukimya ni sekunde 30.

Zilizobaki za kusema ni 60. Tunaanza kwa kulitengea onyo sekunde 16, ambazo kwa kasi ya 90 zinabeba maneno 24. Sekunde 44 zilizobaki, kwa kasi ya 110, zinabeba maneno 80. Video nzima ina maneno 104. Aliyezidisha 150 kwa dakika moja na nusu angeandika 225, zaidi ya mara mbili ya kinachowezekana.

Mfano kamili

Sehemu ya 1, maneno 17. Mkono unachora beseni la vitumbua na mfuko mtupu.
"Kila jioni mama muuza vitumbua anahesabu mauzo. Kila jioni pesa inaisha kabla ya kulala. Akiba anaiweka lini?"

Sehemu ya 2, maneno 14. Mkono unachora kopo lenye mfuniko.
"Sasa amebadili utaratibu. Kabla hajanunua chochote, anatenga shilingi elfu moja na kuitia kwenye kopo."

Sehemu ya 3, maneno 20. Ubaoni panaandikwa: 6,000 = hisa 3.
"Siku sita za biashara zinampa shilingi elfu sita. Jumapili anakwenda kikundini na kununua hisa tatu, kila hisa shilingi elfu mbili."

Sehemu ya 4, ONYO, maneno 24. Kitabu cha mwanachama kimeshachorwa. Mkono haugusi ubao.
"Sikiliza hapa. Usimkabidhi mtu akiba yako njiani wala nyumbani. Itoe kikaoni, mbele ya wanachama. Usiondoke kabla hujaona imeandikwa kwenye kitabu chako. Isipoandikwa, huna ushahidi."
Kimya sekunde 6.

Sehemu ya 5, maneno 29. Ubaoni panaandikwa: 312,000.
"Wiki hamsini na mbili zikipita, akiba yake imefika laki tatu na elfu kumi na mbili. Hajapata mshahara, hajakopa. Ametenga elfu moja kila siku ya kazi, na kila shilingi imeandikwa."

Angalia mambo mawili. Kwanza, onyo halikuwekwa mwisho. Jumla ya pesa ikishatajwa, watu huanza kuzungumza na kupiga hesabu zao, na chochote kinachofuata hakisikiki. Onyo litangulie jumla. Pili, wakati wa onyo mkono umetulia. Mkono unaochora unavuta jicho, na jicho likishughulika sikio linalegea. Mchoro wa kitabu unakamilika ndani ya zile sekunde 3 za kimya zinazotangulia onyo, kisha sauti inabaki peke yake.

Mwenyekiti wa kikundi akitaka kuongeza habari za mkopo, jibu ni hapana. Sentensi ya "Riba ya mkopo ni asilimia kumi kwa mwezi" ina maneno 8, nayo inataka zaidi ya sekunde 4 ambazo hazipo. Mkopo una video yake. Skripti ikizidi, punguza maneno ya sehemu nyingine. Usipunguze onyo. Usipunguze ukimya. Na kwa vyovyote vile usiongeze kasi ya sauti iliyokwisha kurekodiwa.

Jinsi ya kupima kabla ya kurekodi

Msomaji asimame, asome sehemu moja moja kwa sauti ya kawaida, na mtu mwingine apime kwa saa ya simu. Kusoma kimyakimya si kipimo, kwa sababu macho hukimbia kuliko ulimi. Sehemu ya onyo katika mfano wetu ichukue sekunde 16. Ikichukua 12, msomaji anakimbia, arudie. Ikichukua 20, huenda maneno ni magumu kutamkika kwa kufuatana. Mwandishi abadili maneno, msomaji asilaumiwe.

Kisha msomee skripti mtu ambaye hajaiona. Usimuulize kama ameelewa, maana atakwambia ndiyo kwa adabu. Mwombe akueleze pesa ya akiba itolewe wapi, na nini kifanyike kabla ya kuondoka. Akitaja kikaoni na kitabu, skripti imefaulu. Akikutajia laki tatu peke yake, onyo halijasikika. Liandike upya kwa sentensi fupi zaidi.

Kinachopokelewa na kinachorudishwa

Ukurasa wa kwanza wa skripti uonyeshe urefu wa video, jumla ya sekunde za ukimya, maneno yanayotamkwa katika kila sehemu, na sekunde zilizopimwa kwa saa wakati onyo linasomwa. Skripti tutazisoma neno kwa neno, na tutayahesabu maneno hayo wenyewe.

Skripti yenye tarakimu ndani ya maneno ya msimulizi itarudishwa siku hiyo hiyo bila kusomwa zaidi. Skripti ambayo onyo lake linazidi kasi ya maneno 90 kwa dakika itarudishwa. Video ambayo sauti yake imeongezwa kasi baada ya skripti kupitishwa itaondolewa kwenye mikutano yote, na aliyeitengeneza ataanza maombi upya.