Kanuni za Barua Pepe: Ile Inayolala na Kompyuta na Ile Inayokesha

Vikundi vingi vya vijana na kina mama katika Kibera na Kawangware hupokea maombi ya bei na mialiko ya zabuni kwa barua pepe. Ili barua hizo zisizame kati ya matangazo, katibu hutengeneza kanuni: barua fulani ikiingia, iwekwe kwenye folda yake na nakala itumwe kwa mwenyekiti. Kanuni hufanya kazi vizuri wiki nzima, kisha wikendi moja inanyamaza. Mara nyingi haijaharibika. Imelala tu, kwa sababu kompyuta inayoibeba imezimwa.

Tuchukue mfano wa kikundi cha kuzoa taka chenye ofisi ndogo Makina, Kibera. Mwenyekiti anaishi Kawangware. Anwani ya kikundi ni ya Gmail, lakini katibu husoma barua kwenye kipakatalishi cha ofisi kwa programu ya Thunderbird. Humo, kupitia menyu ya "Tools" kisha "Message Filters", aliandika kanuni: kichwa cha barua kikiwa na herufi RFQ, barua ihamishiwe kwenye folda ya Zabuni na ipitishwe kwa mwenyekiti.

Ijumaa saa kumi alasiri katibu anafunga kompyuta na kwenda nyumbani. Dakika arobaini baadaye linaingia ombi la bei ambalo mwisho wake ni Jumatatu saa tano asubuhi. Jumatatu stima inapotea mtaani na betri ya kompyuta haina chaji. Inarudi saa tano na nusu, katibu anawasha kompyuta na kufungua Thunderbird. Dakika moja baadaye simu ya mwenyekiti inalia kule Kawangware: ombi la bei limefika, nusu saa baada ya kufungwa.

Barua yenyewe haikuchelewa. Tangu Ijumaa ilikuwa imetulia kwenye seva ya Gmail, yaani kompyuta za Google ambazo huwaka mchana na usiku na ndizo hasa zenye sanduku la barua la kikundi. Kilichochelewa ni kanuni, kwa kuwa seva haikujua kuwa ipo. Thunderbird huhifadhi kanuni zake kwenye faili liitwalo msgFilterRules.dat, ndani ya kompyuta ile ile ya Makina. Ni programu yenyewe inayoshuka kwenye seva, kuchukua barua mpya, kuzilinganisha na kanuni na kutekeleza. Ikifungwa, hakuna wa kufanya kazi hiyo.

Wanaokumbuka masanduku ya posta wataelewa haraka. Kanuni ya kwenye programu ni kama mtoto wa nyumbani aliyeagizwa kuchambua barua akizitoa posta. Asipokwenda posta, barua zinakaa ndani ya sanduku bila kuchambuliwa. Kanuni ya kwenye seva ni kama karani wa posta mwenyewe, anayeitenga barua kabla hata mwenye sanduku hajaja na ufunguo.

Kuna kasoro nyingine ambayo watu huiona lakini hawaielewi. Tuseme mweka hazina ana anwani ile ile ya kikundi kwenye simu yake, na Jumamosi anaifungua barua kabla kompyuta haijawashwa. Kanuni za Thunderbird hulenga barua mpya ambazo hazijasomwa. Barua iliyokwisha kusomwa kwenye simu huenda ikarukwa kabisa, hata kompyuta ikiwashwa. Ndiyo sababu katibu huona barua nyingine zimepangwa na nyingine zimebaki kwenye kikasha, akadhani kanuni ina wazimu.

Je, utajuaje kanuni yako ni ya aina gani? Funga programu ya barua kabisa. Kuishusha chini ya skrini hakutoshi. Kisha tuma barua ya majaribio kutoka anwani nyingine, yenye neno linaloamsha kanuni. Subiri dakika tano, uangalie kikasha kwa simu au kwa kivinjari cha kompyuta nyingine. Barua ikiwa imehamishwa, kanuni iko kwenye seva. Ikiwa bado imekaa kwenye kikasha, inangoja programu ifunguliwe. Dalili nyingine ni nakala zinazofika kwa mkupuo asubuhi ofisi inapofunguliwa, huku tarehe ya barua asili iliyo ndani ikiwa ya jana au juzi.

Kwa kikundi cha Makina, tiba ni kuiandika kanuni upya ndani ya Gmail. Aplikesheni ya Gmail ya simu haina sehemu ya kutengeneza kanuni, kwa hiyo inahitajika kompyuta yenye kivinjari. Ya saiba inatosha, mradi utoke kwenye akaunti ukimaliza. Bofya alama ya gurudumu, kisha "See all settings". Anza kwenye "Forwarding and POP/IMAP" kwa kuongeza anwani ya mwenyekiti. Google humtumia mwenyekiti barua ya kuthibitisha, na asipoikubali hakuna kitakachopitishwa. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu mwenyekiti huidhania ni ya matapeli na kuifuta. Mpigie simu kwanza.

Baada ya hapo nenda "Filters and Blocked Addresses", chagua "Create a new filter", andika RFQ mbele ya "Subject", kisha utie alama kwenye "Apply the label" na "Forward it to". Ni vyema kuongeza "Never send it to Spam". Mwisho, rudi Thunderbird uizime kanuni ya zamani, la sivyo mwenyekiti atapata nakala mbili. Kumbuka pia kuwa upitishaji huu unahusu barua zitakazoingia kuanzia sasa. Zilizokwisha kufika itabidi zitumwe kwa mkono.

Ofisi zinazotumia Outlook ya kompyuta pamoja na seva ya Exchange zina hali tofauti kidogo. Kanuni nyingi huko huwekwa kwenye seva zenyewe, lakini zinazodai jambo ambalo seva haiwezi kulifanya hubaki kwa kompyuta: kuchapisha barua, kupiga mlio, au kuihamishia kwenye faili la .pst lililo ndani ya kompyuta hiyo. Outlook haifichi jambo hili. Kando ya jina la kanuni huandika "(client-only)". Ukiona maneno hayo, tazama ni agizo lipi linaloivuta chini, ulitenge kwenye kanuni yake. Kuchapisha kunaweza kungoja Jumatatu; kumjulisha mwenyekiti hakuwezi. Ikiwa anwani ni ya mwajiri, muulize msimamizi wa mitambo kwanza, kwani ofisi nyingi huzuia barua kupitishwa nje.

Kukesha kwa seva kuna upande wake wa hatari. Mtu akiiba nywila ya kikundi anaweza kuweka kanuni ya kujitumia nakala za ankara, na kanuni hiyo itaendelea kufanya kazi hata nywila ikibadilishwa, kwa kuwa kubadilisha nywila hakufuti kanuni. Kila anayebadilisha nywila afungue kurasa zile mbili za "Filters and Blocked Addresses" na "Forwarding and POP/IMAP", na aifute anwani yoyote ambayo hakuna mwanakikundi anayeitambua.